Kisanduku cha Mstari wa Tatu Kulia

Kama kuna watu mwanamke huyu hakuwavumilia, ni watu wa kukisia. Ukimwelekeza njia ukasema "nadhani ni kulia," anakushukuru kwa ukali, kisha anakwenda kumuuliza mwingine mbele ya macho yako. Fundi wa bomba aliyemwambia "nafikiri ni valvu" alirudishwa mlangoni na mfuko wake wa spana, akaambiwa akimaliza kufikiri arudi. Ndivyo alivyokuwa, na hakuna aliyemuuliza mara mbili kwa nini hajaolewa.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri Kichina. Usidhani ni vitabu au hotuba za wakubwa, thubutu! Vya kwake vilikuwa vibao. Mtu amenunua mashine ya kukamua mafuta, imekuja na kibandiko chekundu chenye fuvu la kichwa, anakipiga picha anamtumia: dada, hapa wanasema nini? Mwingine amefika ugenini, anapiga picha kibao cha mtaa anataka kujua kama ndiko kwenyewe. Menyu ndizo zilizokuwa nyingi kuliko vyote, kwa sababu mtu anaweza kuishi bila kujua jina la mtaa lakini kula lazima ale. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la taa na nyaya. Chumba hicho aligawana na mzee mmoja mfupi wa kutafsiri vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa. Mzee huyo watu walimwita Mhuri, maana aligonga mhuri kila karatasi iliyopita karibu na mkono wake, hata risiti ya maandazi.

Kichina alikianzia jikoni, akichemsha chai kwenye kambi ya kampuni ya barabara, akiokota neno moja moja kama mtu anayeokota mchele uliomwagika. Baadaye akaenda darasa la jioni. Mwalimu wake alikuwa mama mmoja mwembamba, asiyecheka, na huyo ndiye aliyemfundisha sheria ya kisanduku. Herufi moja isiyosomeka, kisanduku kimoja kitupu. Herufi mbili, visanduku viwili. Usiunganishe, usiruke, na ole wako ujaze kisanduku kwa akili zako. Halafu chini kabisa, baada ya kila kitu, unaandika maelezo: kisanduku kile cha mstari ule kimezibwa na nini, kinaweza kuwa nini, na unaomba picha nyingine. Sheria hiyo ilimwingia kwenye damu. Mhuri alimpa jina la Mama Visanduku, naye alilipokea kama cheo.

Na mpangilio je? Weee, hapo ndipo alipokuwa na makuu! Haanzi kutafsiri neno hata moja mpaka awe amechora ubao wote kwenye karatasi: kichwa cha habari kipo wapi, safu ngapi, bei imekaa upande gani, kanyota kadogo kamebandikwa kwenye mstari upi. Alijua kwamba msomaji anasimama mbele ya ubao wenyewe akiwa na simu mkononi, na kitu pekee anachoweza kufanya ni kunyoosha kidole. Ukimpangia ovyo, atanyoosha kidole kwenye utumbo akidhani ni samaki. Kwa hiyo kwenye simu, ambako safu mbili hazikai vizuri, aliandika KUSHOTO, akashuka mstari kwa mstari kwa namba, kisha KULIA, akashuka tena.

Sasa, huyu mama alikuwa na mdogo wake. Yeye ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki, akamsomesha, akamwoza, akalia siku ya harusi mpaka kope za bandia zikadondoka. Mdogo mtu alikuwa na binti mmoja wa miaka sita, mwembamba, mwenye amri nyingi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bosi. Bosi alikuwa na aleji ya karanga. Si ile ya kujikuna kidogo ukanywa dawa ukalala. Akiwa na miaka mitatu alilamba kijiko kilichopita kwenye mchuzi wa karanga, midomo ikamvimba, koo likaanza kujifunga, na mama mkubwa wake ndiye aliyembeba mbiombio mpaka zahanati huku akisikia pumzi ya mtoto ikipiga mluzi begani kwake. Mluzi ule haukumtoka masikioni. Tangu siku hiyo karanga haikuingia nyumbani kwake, na Bosi hakutoka nje bila sindano yake ya dharura, ile yenye umbo la kalamu.

Shemeji alipata kazi ya kiwandani huko Uchina. Baada ya mwaka akaita mke na mtoto. Mdogo mtu alifika huko hajui kusoma hata herufi moja, na kuongea ni "asante" na "hapana." Kwa hiyo mzigo wote ulirudi kwa dada. Asubuhi picha ya kifurushi cha maziwa, mchana picha ya kibao cha basi, jioni picha ya sabuni kama ni ya nguo au ya vyombo. Dada alilalamika kwa Mhuri kwamba sasa amekuwa macho ya watu, lakini siku isipokuja picha alikuwa anaangalia simu kila baada ya muda, amenuna.

Siku ya mkasa wenyewe ilikuwa siku ya kawaida tu, ofisi imejaa joto, feni inalia. Huku mchana, huko jioni. Simu ikaita mlio wa ujumbe. Ilikuwa picha: ubao wa menyu ukutani, kwenye kimkahawa, umepigwa kutoka mezani. Chini yake sauti ya mdogo wake.

"Dada, shikamoo. Shemeji yako yuko zamu, simu zao wanazifungia makabatini, hapatikani mpaka usiku. Mimi na Bosi njaa inatuuma. Ile programu ya simu inaniambia eti 'kuku wa maua.' Maua gani sasa yanaliwa? Nitafsirie basi, anataka kuku, ananipigia kelele."

Nyuma ya sauti hiyo alimsikia Bosi akisema kuku, kuku, kuku.

Dada akacheka peke yake, akavuta kiti, akaikuza picha. Safu mbili. Kushoto wali na tambi, kulia nyama. Bei mwisho wa kila mstari. Chini pembeni kibandiko chenye namba ya simu ya kuagizia chakula. Picha haikuwa mbaya, ila taa ya dari ilikuwa imeupiga ubao upande wa kulia, ikaacha doa jeupe kwenye mstari wa tatu. Herufi ya kwanza ya mstari ule ilionekana: ni ya ua. Ya pili imemezwa yote na mwanga. Mbili za mwisho safi kabisa: kuku, vipande vidogo.

Akaona mara moja kwa nini programu ilisema kuku wa maua. Imeona ua, ikaruka doa, ikaunga. Mkisiaji mkubwa! Kwa Kichina, ua likifuatwa na herufi moja linakuwa kitu kingine kabisa. Likifuatwa na hii linakuwa koliflawa. Likifuatwa na ile linakuwa zile mbegu ndogo za kuwasha zinazoutia ulimi ganzi. Na likifuatwa na ile nyingine, fupi, ya mistari mitano tu, linakuwa karanga.

Hakukisia. Aliandika kila kitu kwa mpangilio wake, na alipofika pale akaandika kama alivyofundishwa:

KULIA
1. Nyama ya ng'ombe na vitunguu
2. Samaki wa mvuke na tangawizi
3. Kuku wa vipande na □
4. Mayai na nyanya

Akaendelea mpaka mwisho wa ubao, maana ubao ulikuwa mrefu. Kisha chini kabisa, baada ya mstari wa mwisho, akaandika maelezo: kulia mstari wa tatu, herufi ya pili imezibwa na mng'ao wa taa, inaweza kuwa koliflawa, mbegu za kuwasha au KARANGA, usiagize, nipigie picha nyingine kutoka pembeni. Neno karanga aliliweka kwa herufi kubwa. Akasoma upya, akaridhika, akatuma. Akainuka kwenda kujaza maji kwenye birika.

Aliporudi kulikuwa na sauti nyingine.

"Asante dada yangu, Mungu akuzidishie. Hivyo vikatuni vyako simu yangu haivionyeshi, inaleta kisanduku tu, unajua hii simu ni ya zamani. Lakini nimeelewa. Tunachukua huyo kuku wa vipande, namba tatu. Simu inazima, naipeleka kaunta waniwekee chaji. Bosi anakusalimia."

Birika likabaki mkononi. Aliisikiliza tena ile sauti, kwa sababu akili yake ilikataa. Vikatuni? Vikatuni gani? Yeye hajawahi kumtumia mtu katuni maishani mwake! Kisha ikamwingia, polepole kwanza, halafu yote kwa pamoja. Simu ya mdogo wake ilikuwa kuukuu. Kila mtu akimtumia katuni za kisasa, za keki na maua na mioyo, simu ile ilishindwa kuzichora, ikaweka kisanduku kitupu. Mdogo mtu alishavizoea visanduku hivyo, kwake havikuwa na maana yoyote. Alipoona "kuku wa vipande na □" alidhani dada amemchorea kuku.

Na yale maelezo ya chini? Akaifungua meseji yake mwenyewe. Ilikuwa ndefu, simu ilikuwa imeikata katikati, ikaweka yale maneno madogo ya bluu: soma zaidi. Mtu mwenye mtoto anayelia njaa hasomi zaidi. Alishaona kuku, angefuata nini tena?

Akaandika: USIMPE KARANGA INAWEZEKANA. Akatuma. Tiki moja. Akaandika: USILE. Tiki moja. Akapiga. Simu ikamwambia kwa sauti ya kike, ya upole, kwamba mteja hapatikani. Imeshazima. Akampigia shemeji ingawa alijua. Naye hapatikani. Akapiga tena kwa mdogo wake, kana kwamba yule dada wa mtandao anaweza kubadili mawazo.

"Kuna nini?" Mhuri aliuliza, miwani imeshuka puani.

"Bosi," alisema, akibonyeza tena namba ileile.

"Bosi amefanyaje? Sema basi, unanitisha!"

"Anakula. Sijui anakula nini. Mzee wangu, sijui anakula nini!"

Mhuri alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipouona uso ule aliacha mhuri mezani, akasogeza simu ya ofisi, ile inayopiga nje, mpaka mbele yake. "Piga mkahawani," alisema. "Si una picha?"

Namba! Akairudisha picha, akaenda pembeni chini, kwenye kibandiko. Picha ikawa inaruka huku na huko. Akaikuza. Namba zote zilionekana isipokuwa moja ya karibu na mwisho, ambayo kona ya kibandiko ilikuwa imejikunja juu yake. Ulionekana mstari wa wima tu. Ni moja. Au ni saba. Yeye, aliyemfukuza fundi wa bomba kwa neno "nafikiri," sasa alikuwa ameshika mkono wa simu na hana chochote ila kukisia.

Akakisia moja. Simu ikaita. Ikaita. Kila mlio alimwona mtoto akinyanyua kijiko. Mwanamume akapokea kwa Kichina, sauti nzito, nyuma yake kelele za nyundo. Hapa ni gereji, alisema, gari gani? Akamwomba radhi hata kabla hajamaliza kusema, akakata.

Akapiga saba. Laini ikakata yenyewe. Akapiga tena. Mhuri alikuwa amesimama nyuma yake, anapumua kwa nguvu, naye dada akamwonyesha kwa mkono asipumue.

"Karibu, unataka kuagiza nini?" Sauti ya mama mtu mzima, ya haraka haraka, vyombo vinagongana.

"Siagizi," alisema. Kichina chake chote, miaka yote ile, kikawa kama kimekimbia. Akakivuta kwa nguvu. "Kwenye ubao wako. Upande wa kulia. Mstari wa tatu. Ni kuku wa nini?"

"Wa tatu? Wengi wanampenda huyo. Nikupelekee wapi?"

"Usinipelekee popote! Ua gani? Koliflawa?"

"Koliflawa? Hapana, dada. Karanga. Tunazisaga, tunazikoroga kwenye mchuzi wenyewe, ndiyo siri yetu, huzioni hata moja ila utamu tu."

Hapo, msomaji, moyo wa mama huyu ulitaka kusimama. Si uongo, alishika meza. Alisikia mluzi wa begani, ule wa miaka mitatu nyuma, waziwazi kana kwamba mtoto yumo chumbani.

"Kuna mgeni," alisema. "Mama Mwafrika na mtoto wa kike. Simu yake iko hapo kaunta kwenye chaji. Yule mtoto akila karanga anakufa. Anakufa! Umeshawapelekea?"

Vyombo vikaacha kugongana.

"Nimeshapeleka," mama wa mkahawa alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa.

Kisha simu ikagonga kwenye kitu kigumu. Hakuikata, aliitupa tu kaunta. Kwa hiyo mama yetu alisikia yote na hakuona lolote. Alisikia ndala zikikimbia. Alisikia kiti kikianguka. Alisikia ukelele wa Kichina, "Acha! Acha!", na sahani ikivunjika. Kisha akamsikia mdogo wake akisema kwa Kiswahili, "Nini? Mama, nini?", kwa kushangaa, akidhani pengine wamekosea meza. Halafu kikohozi. Kikohozi cha mtoto, kikavu, kimoja, kingine. Halafu sauti ya mdogo wake ikapanda ikamwita Bosi kwa jina lake halisi, lile ambalo huitwa tu akiwa amekosa au akiwa mgonjwa.

"Sindano!" Dada alipiga kelele kwenye simu. "Pajani! Mchome pajani! Usimvue nguo, choma juu ya suruali!" Alipiga kelele mpaka mwenye duka la taa akapanda ngazi kuuliza nani kaibiwa. Hakuna aliyekuwa upande wa pili wa kumsikia. Simu ilikuwa imelala kaunta kati ya tishu na chenji, nayo sauti yake pengine haikufika hata kwenye kiti cha kwanza.

Kikohozi kikaendelea, kikawa chembamba. Watu wengi wakawa wanaongea kwa pamoja. Mtu alisema gari la wagonjwa, mtu mwingine alisema maji, mwingine akasema asipewe maji. Kisha mtu, labda mteja aliyekuja kulipa, akaiona simu imelala vibaya na kwa wema wake akairudisha mahali pake. Laini ikakatika.

Akapiga tena, inatumika. Akapiga tena, inatumika. Bila shaka walikuwa wanaita gari, na yeye alikuwa anagombania nao laini. Wazo hilo lilipomjia aliuachia mkono wa simu kama umemuunguza, akarudi nyuma, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, chini ya kalenda.

Muda uliopita hapo siwezi kukueleza. Mhuri alimletea maji, hakuyanywa. Mwenye duka la taa aliketi kwenye ngazi, akashuka kuhudumia mteja, akapanda tena bila kuitwa. Mama mkubwa wa Bosi aliangalia picha ile ya ubao mpaka simu ikapata moto. Sasa kwa kuwa alijua, alianza kuiona ile herufi. Ndani ya doa jeupe, kama ukiinamisha simu hivi, palikuwa na kivuli cha mstari wa chini, mlalo, mrefu. Ndiyo. Ilikuwa karanga tangu mwanzo. Au labda alikuwa anaiona kwa sababu ameshaambiwa. Hata hilo hakuweza kulijua.

"Lakini wewe uliandika," Mhuri alisema. Alikuwa ameomba simu, amebonyeza soma zaidi, amesoma mpaka chini. "Hii hapa. Karanga, herufi kubwa. Umefanya kazi yako sawasawa. Mtu asikulaumu."

"Mzee, ninyamazie."

"Nasema tu ukweli..."

"Ninyamazie! Nikizika mtoto nibandike hiyo meseji kaburini, watu wasome kwamba niliandika?"

Mhuri akamrudishia simu. Akarudi kwenye meza yake, akachukua cheti cha mtu, akakiangalia, asikigonge.

Jua lilikuwa limeshahama dirishani simu ilipolia. Namba ngeni, ya huko. Alipokea na hakusema haloo, maana aliogopa neno lake lolote litafungua mlango wa habari mbaya.

"Dada." Ilikuwa sauti ya mdogo wake, imechakaa. "Anapumua."

Hapo alilia. Alilia kwa sauti, bila haya, mbele ya Mhuri na mwenye duka la taa, kamasi na machozi, huku akisema "rudia, rudia." Mdogo wake akarudia. Bosi alikuwa amekula vijiko viwili vitatu, kwa sababu kuku alikuwa wa moto, mama yake alimwambia apulize kwanza, naye kwa ubishi wake akapuliza kila kipande mara nyingi kuliko alivyoambiwa. Yule mama wa mkahawa alifika akaipiga sahani kwa mkono ikaruka. Midomo ilikuwa imeanza. Koo lilikuwa limeanza. Sindano ikaingia pajani. Gari likaja upesi. Sasa yuko kitandani, ana mashine ya hewa, madaktari wamesema atalala hapo wamwangalie, na ameshauliza kwa nini wamemnyang'anya kuku wake.

"Napigia simu ya muuguzi, yangu iko kwenye chaji hapa," mdogo mtu alisema. "Nimeisoma ile meseji. Yote. Mpaka chini."

Dada akafuta uso kwa kiganja.

"Uliandika. Kosa ni langu, dada. Sikubonyeza."

Angekuwa mtu mwingine aliyesema hivyo, mama huyu angekubali. Maisha yake yote alipenda kuwa sahihi, na sasa alikuwa amepewa usahihi wake mkononi, na aliyempa ni mwenye mtoto. Hakuutaka. Alisema hapana, lakini mdogo wake alikuwa ameshaanza kulia, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Siku iliyofuata alifika ofisini mapema, macho mekundu. Alikuwa ameapa usiku kwamba hatatafsiri tena chakula cha mtu. Vibao vya mitaa, sawa, onyo la mashine, sawa, chakula hapana, watafute mwingine. Kabla hajafungua dirisha simu ikalia.

Ilikuwa picha. Menyu ya kantini ya hospitali, imechapwa kwenye karatasi nyeupe, imepigwa vizuri, hakuna mng'ao, hakuna kona iliyojikunja. Chini yake maneno: Dada, lazima ale kitu.

Aliitazama. Kila herufi ilikuwa wazi kama mchana. Mtoto wa darasa la kwanza wa huko angeisoma. Na bado alisoma "wali," akajiuliza kama kweli ni wali. Alisoma "maziwa ya soya," neno aliloliona mara elfu, akalitafuta kwenye kamusi. Akalitafuta kwenye kamusi ya pili. Alichora mpangilio kwenye karatasi, akaurudia. Mara hii maelezo hakuyaweka chini. Aliyaweka juu kabisa, kabla ya kichwa cha menyu, kwa Kiswahili kitupu kisichohitaji kubonyezwa: VITU AMBAVYO SIJUI. Mstari wa pili na wa tano, mchuzi wake haukuelezwa umetengenezwa na nini. Mstari wa sita, mafuta ya kukaangia hayakutajwa, na mafuta yanaweza kuwa ya karanga. Usimpe vitu hivyo. Kisha ndipo akapanga menyu, namba kwa namba, na hakuna kisanduku hata kimoja.

Akatuma. Tiki mbili. Zikawa za bluu. Akaona mdogo wake anaandika, ameacha, anaandika tena.

Miaka yote, tangu alipokuwa anamfunga vifungo vya sare ya shule, mdogo wake hakuwahi kumuuliza swali kama hili. Aliambiwa kula, alikula. Aliambiwa huyu mume ni mzuri, aliolewa. Aliambiwa kuku, aliagiza kuku. Sasa maneno yalikuja kwenye kioo, matatu tu:

Una uhakika, dada?

Aliyasoma akiwa amesimama. Yalimchoma, na aliona kwamba yalistahili kuulizwa, na kwamba yataulizwa kila siku kuanzia leo. Akakaa. Akairudisha picha, akaikuza mpaka herufi za mstari wa kwanza zikajaa kioo kizima, akazisoma moja moja kwa sauti, Mhuri akisikiliza bila kuthubutu kukohoa.

"Wali mweupe wa mstari wa kwanza, nina uhakika," aliandika. "Vingine vyote sina. Mpe wali."

Aliishika simu kwa mikono miwili na hakuiweka chini mpaka ujumbe ulipoingia, baada ya muda mrefu: anakula.

Hakujibu. Aliendelea kuangalia kioo, akisubiri waseme amemaliza.